ORS, maji ya sukari na chumvi, uji au glukosi: umpe nini mtoto anayeharisha?

Mtoto akianza kuharisha, kila anayeingia nyumbani ana ushauri wake. Jirani wa mlango wa pili anasema ukimbie kemisti ununue glukosi ya unga ili mtoto apate nguvu. Nyanya anapiga simu kutoka mashambani na kusema umpikie uji mwepesi. Mhudumu wa afya ya jamii akipita anakuachia pakiti mbili za ORS, ule unga wa kuchanganya na maji ili kumrudishia mtoto maji na chumvi, pamoja na vidonge vya zinki. Na wewe mwenyewe unakumbuka kwamba zamani mlifundishwa maji ya sukari na chumvi. Vyote vinne ni vya kunywa, na vyote vina sukari au wanga ndani yake, kwa hiyo ni rahisi kudhani kwamba kazi yao ni moja.

Mimi ni muuguzi, na nimehudumia watoto kwa miaka katika zahanati za upande wa Eastlands hapa Nairobi. Naandika kwa ajili ya mzazi aliyekwama kati ya hivi vinne. Nitaeleza kwanza kinachotokea tumboni, kwa sababu ukishakielewa utaweza kupima kinywaji chochote, hata kile ambacho sikukitaja hapa.

Maji huingiaje mwilini

Utumbo hauna pampu ya kuvuta maji. Unachovuta ni chumvi, hasa sodiamu, kisha maji huifuata yenyewe. Sodiamu ikitoka ndani ya utumbo mwembamba na kuingia kwenye damu, maji huja nyuma yake. Sodiamu ikikwama, maji nayo hukwama na kutoka kama kinyesi chepesi.

Katika hali ya kawaida sodiamu ina njia kadhaa za kuingia. Kuhara huziharibu baadhi yake. Sumu ya kipindupindu, kwa mfano, huchochea seli za utumbo kumwaga kloridi kwa wingi, na sodiamu na maji hufuata kloridi hiyo kwenda nje. Wakati huohuo sumu hiyo hufunga njia mojawapo kuu ya kurudisha sodiamu ndani. Virusi vya rota, ambavyo husumbua sana watoto wadogo, vina mtindo mwingine: huua seli zilizo kwenye ncha za vinyweleo vya utumbo, yaani zile hasa zenye kazi ya kunyonya. Ndiyo maana maji matupu hayamfikishi mtoto mbali. Yanafika utumboni, lakini hayana cha kuyavuta yaingie.

Iko njia moja ambayo sumu ya kipindupindu haiigusi, na ambayo virusi vya rota huiacha ikifanya kazi katika sehemu za utumbo zilizosalimika. Ni kibebaji kilicho juu ya seli za utumbo, kinaitwa SGLT1. Kibebaji hiki hufanya kazi kama matatu ya kusubiri ijae: kina nafasi mbili za sodiamu na moja ya glukosi, na safari haianzi mpaka nafasi zote tatu zipate abiria. Sodiamu peke yake haisafiri nacho. Glukosi peke yake pia haisafiri.

Vikishavuka na kuingia ndani ya seli, glukosi hutokea upande wa pili kwa kibebaji kingine na kuingia kwenye damu. Sodiamu husukumwa nje na pampu inayotoa sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili, na pampu hiyo ndiyo inayofanya seli iwe na sodiamu kidogo wakati wote, ili ile iliyoko utumboni iendelee kuvutwa. Maji hufuata. Safari hii ya pamoja ya sodiamu na glukosi ilielezwa na mwanabiokemia Robert Crane mwaka 1960 katika mkutano uliofanyika Prague. Mwaka 1968 madaktari David Nalin na Richard Cash, wakiwa Dhaka, walionyesha kwamba wagonjwa wa kipindupindu wanaweza kurudishiwa maji kwa kunywa mchanganyiko wa glukosi na chumvi badala ya kutegemea dripu tu. Mwaka 1971 Dilip Mahalanabis aliutumia mchanganyiko wa namna hiyo katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India, dripu zilipokuwa zinaisha, na vifo vikashuka sana.

Vigezo vitatu vya kupimia

Kutokana na hayo, kinywaji cha mtoto anayeharisha nakiuliza maswali matatu.

La kwanza: je, kina sodiamu na glukosi kwa pamoja, na kwa viwango vinavyokaribiana? Nitatumia kipimo cha milimoli, ambacho huhesabu chembe badala ya kupima uzito, kwa sababu SGLT1 nayo haijali gramu, inachukua chembe.

La pili: mchanganyiko una uzito gani ukilinganishwa na damu? Damu ina chembe zilizoyeyuka zipatazo milimoli 290 kwa lita. Kinywaji chepesi kuliko hapo hunyonywa kwa urahisi. Kinywaji kizito kuliko hapo hufanya kinyume: sukari iliyozidi hubaki utumboni na kuvuta maji kutoka kwenye damu, na mtoto huharisha zaidi kwa sababu ya kile kile alichopewa kumsaidia.

La tatu: ni rahisi kiasi gani kukosea, ukitumia vyombo vilivyopo nyumbani kwako saa nane za usiku?

1. Pakiti ya ORS

*Sodiamu na glukosi.* Hapa uwiano umepangwa makusudi. Katika lita moja ya ORS ya sasa mna chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukosi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitreti ya sodiamu gramu 2.9. Ukihesabu chembe, unapata sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75, sawa kwa sawa. Potasiamu, ambayo mtoto huipoteza katika kila choo chepesi, ni milimoli 20. Sitreti iko pale kurekebisha asidi inayojikusanya katika damu ya mtoto aliyekauka.

*Uzito.* Jumla yake ni 245, chini ya ule wa damu. Haikuwa hivyo tangu mwanzo. ORS ya zamani ilikuwa na sodiamu 90 na glukosi 111, na uzito wake ulifika 311. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipendekeza hii nyepesi baada ya majaribio kuonyesha kwamba watoto waliopewa mchanganyiko mwepesi walitapika kidogo, kinyesi chao kilipungua, na waliohitaji kutundikiwa dripu walipungua kwa karibu thuluthi moja.

*Makosa.* Kosa karibu lote ni la maji. Zipo pakiti za nusu lita, za lita moja, na hata za mililita 200, na zinafanana kwa macho. Tuseme unayo ya nusu lita. Ukiimwaga yote kwenye kikombe cha mililita 300, sodiamu inapanda kutoka 75 hadi 125 kwa lita, na uzito unapita 400. Hicho si kinywaji chepesi tena. Ukiiweka katika lita nzima, sodiamu na glukosi zinabaki nusu, na mtoto anajaa maji yasiyomrudishia alichopoteza. Kosa la kwanza ndilo la kuogopwa zaidi, na lina chanzo kinachoeleweka: mama anaona mtoto hawezi kumaliza nusu lita, basi anachanganya "kidogo" kwenye kikombe, lakini anamwaga pakiti yote.

Bahati nzuri kipimo cha nusu lita kiko kila nyumba. Chupa ya plastiki ya maji ya kunywa ya nusu lita inatosha, au pakiti ya maziwa ya nusu lita iliyooshwa vizuri. Maji yachemshwe na kupozwa kwanza, hasa kama ni ya mtungi wa kununua, kisha ndipo unga uingie. Usichemshe baada ya kuchanganya. Usiongeze sukari wala juisi ili mtoto apende ladha, maana hapo unaharibu uwiano uliolipia. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwage.

Kuna lalamiko moja ninalosikia mara kwa mara: "Sista, nimempa ile maji na bado anaendesha." Ni kweli. ORS haizuii kuhara. Inarudisha maji kwa kasi inayoshinda yale yanayotoka, wakati utumbo unajiponya wenyewe. Kwa hiyo usihesabu nepi kuamua kama inafanya kazi. Mtazame mtoto: anakojoa? Machozi yanatoka akilia? Macho hayajaingia ndani?

*Inamfaa nani.* Mtoto wa umri wowote, pamoja na mchanga anayenyonya, na hasa yule ambaye tayari ameanza kuonyesha dalili za kukauka. Lakini mtoto mwenye utapiamlo mkali huhitaji mchanganyiko maalumu wenye sodiamu kidogo zaidi, na huo hutolewa hospitalini. Huyo usimtibu nyumbani kwa pakiti ya kawaida.

2. Maji ya sukari na chumvi ya nyumbani

*Sodiamu na glukosi.* Kipimo chake ni vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi katika lita moja ya maji safi, vijiko vyote vikiwa vimesawazishwa kwa mgongo wa kisu. Sukari ya dukani si glukosi moja kwa moja. Ni glukosi na fruktosi zilizoshikana, na kimeng'enya kilicho kwenye ukuta wa utumbo huzitenganisha. Glukosi inaenda SGLT1. Fruktosi inapita njia yake, na haibebi sodiamu hata kidogo. Vijiko sita, takriban gramu 25, hutoa glukosi milimoli 73 hivi kwa lita, karibu sana na ORS. Nusu kijiko cha chumvi, takriban gramu 3, hutoa sodiamu milimoli 50 hivi. Kwa hiyo mchanganyiko huu unafanya kazi kweli, na si wa kudharauliwa. Usichokipata ni potasiamu na sitreti.

*Uzito.* Kama umepima sawasawa, ni mwepesi kuliko damu, hata baada ya sukari kutenganishwa.

*Makosa.* Hapa ndipo udhaifu wake ulipo. Kijiko kilichojaa kilima kinaweza kubeba karibu mara mbili ya kilichosawazishwa. Mtu akikumbuka vibaya na kuweka kijiko kizima cha chumvi chenye kilima badala ya nusu, sodiamu inapita milimoli 150 kwa lita, zaidi ya ile iliyoko kwenye damu yenyewe. Mtoto mdogo akinywa hiyo, sodiamu hujikusanya mwilini. Anakuwa na kiu isiyokatika, anakasirika ovyo, na anaweza kupata degedege. Njia ya kujikinga ni ya kale na inasaidia: onja kabla ya kumpa mtoto. Yakiwa na chumvi kuliko machozi, mwaga uanze upya. Ukikosea kwa upande wa sukari, kwa mfano ukaweka vijiko kumi na viwili, hatari ni ile ya kigezo cha pili, mtoto ataharisha zaidi.

Binafsi nashauri kipimo hiki kiandikwe na kubandikwa jikoni. Mtu aliyekesha na mtoto mgonjwa asitegemee kumbukumbu kwa jambo hili.

*Inamfaa nani.* Nyumba ambayo haina pakiti usiku huo, kemisti amefunga, mvua imefunga njia, lakini sukari na chumvi zipo. Yanamfaa mtoto ambaye bado anacheza na kunywa vizuri, ili asikauke. Kwa aliyekwisha kukauka ni daraja la kufikia zahanati tu.

3. Uji mwepesi wenye chumvi

*Sodiamu na glukosi.* Nyanya ana hoja kuliko wengi wanavyomkubalia. Wanga wa mchele au mahindi ni glukosi nyingi zilizoungana katika mnyororo mrefu. Vimeng'enya vya kongosho na vya ukuta wa utumbo huukata mnyororo huo kidogo kidogo, na glukosi inatoka karibu kabisa na mahali SGLT1 ilipo. Kinachokosekana ni sodiamu, na bila chumvi uji unabaki chakula tu. Kipimo kilichotumika kwenye tiba ya aina hii ni gramu 50 hadi 80 za unga wa mchele kwa lita moja. Chumvi ya uji wa nyumbani ni ile ile nusu kijiko cha chai kilichosawazishwa.

*Uzito.* Hii ndiyo nguvu yake. Mnyororo mzima wa wanga huhesabiwa kama chembe moja, kwa hiyo unaweza kubeba glukosi nyingi bila kinywaji kuwa kizito kuliko damu. Katika kipindupindu, ORS iliyotengenezwa kwa mchele ilipunguza kinyesi kuliko ile ya glukosi ya zamani. Kwa watoto wenye kuhara kwa kawaida, tofauti hiyo ni ndogo iwapo wanaendelea kulishwa.

*Makosa.* Uji unaouzwa kibandani, na hata ule tunaoupika wengi wetu asubuhi, ni mzito, una sukari ya kutosha chai ya familia, na hauna chumvi. Huo mlishe mtoto kama chakula, lakini usiuhesabu kama maji. Uji wa kazi hii lazima umiminike kutoka kwenye kijiko kama maziwa. Pia huharibika haraka. Katika joto la mchana, uliopikwa asubuhi usimpe jioni. Mpya upikwe kila baada ya saa sita hivi. Hiyo ni gesi au makaa, na ni mtu wa kukaa jikoni.

*Inamfaa nani.* Mtoto aliyekwisha anza kula, yaani aliyevuka miezi 6, ambaye hataki kabisa ladha ya ORS lakini uji anaukubali, na yuko nyumbani na mtu mwenye nafasi ya kupika. Mchanga wa chini ya miezi 6 haumfai.

4. Glukosi ya unga, soda na vinywaji vitamu

*Sodiamu na glukosi.* Glukosi ya unga ina nusu ya kile SGLT1 inachotaka, na imekosa nusu nyingine kabisa. Utumbo unaweza kuazima sodiamu kidogo iliyokwisha kumwagika ndani yake, kwa hiyo si kwamba hakuna maji yanayoingia. Lakini sodiamu ambayo mtoto amepoteza hairudi, na akinywa hiyo pekee kwa siku nzima, sodiamu ya damu inashuka. Huyo huwa mlegevu na mwenye usingizi, na mzazi anadhani amepumzika. Soda ina sodiamu ndogo mno vilevile. Madafu, ambayo ndugu zetu wa Pwani huyasifu, yana potasiamu ya kutosha lakini sodiamu kidogo.

*Uzito.* Vijiko viwili vya mezani vilivyojaa, karibu gramu 30, katika kikombe cha mililita 250, ndivyo ninavyoona watu wakichanganya glukosi. Ukipiga hesabu, hiyo ni zaidi ya milimoli 660 kwa lita. ORS ina 75. Kinywaji hicho ni kizito zaidi ya mara mbili ya damu, na maji yatatoka kwa mtoto kwenda utumboni kabla ya kuanza kurudi. Soda nayo iko juu sana ya damu, na kutoa gesi yake hakupunguzi sukari.

*Makosa.* Kosa liko katika matumizi yenyewe. Mtoto huchangamka kwa muda kwa sababu ya sukari, na uchangamfu huo huwachelewesha wazazi kwenda kutafuta msaada.

*Inamfaa nani.* Glukosi inaweza kumsaidia mtu aliyepoteza hamu ya kula na asiyeharisha. Kwa mtoto anayeharisha sioni nafasi yake.

Mfano: mtoto wa kilo tisa

Chukua mtoto wa miezi 13 kutoka Pipeline, Embakasi, mwenye kilo 9. Ameharisha tangu jana asubuhi, ametapika mara kadhaa. Amekunywa glukosi usiku kucha, na asubuhi hii choo kimekuwa maji kabisa. Anapofika, macho yameingia ndani, hana utulivu, na akiona kikombe anakidaka kwa pupa. Ukimfinya ngozi ya tumbo, inarudi polepole, ingawa haichukui zaidi ya sekunde mbili. Huyu ana upungufu wa maji wa kiasi. Bado anaweza kunywa, kwa hiyo hahitaji dripu, lakini anapaswa kutibiwa mbele ya mhudumu.

Kipimo ni mililita 75 kwa kila kilo, katika saa 4. Kwa kilo 9 hiyo ni mililita 675, yaani pakiti moja ya nusu lita na sehemu ya pakiti ya pili. Kila pakiti inachanganywa nzima katika nusu lita yake, hata kama ya pili haitaisha.

Mililita 675 zinaonekana nyingi kwa mtoto anayetapika. Zigawe: ni kama 170 kwa saa, karibu mililita 3 kwa dakika. Kijiko cha chai kina mililita 5. Kwa hiyo kijiko kimoja kila dakika moja hadi mbili kinatosha, na mama anakaa na kikombe mapajani bila haraka. Akitapika, wanasubiri dakika 10, kisha wanaanza tena kwa mwendo wa polepole zaidi. Kumpa kikombe chote kwa sababu ana kiu ndiko kunakoleta kutapika, halafu watu husema ORS imemkataa. Akitaka kunyonya katikati, anyonye.

Baada ya saa 4 anatazamwa upya kwa vipimo vile vile. Ngozi ikirudi haraka, kiu ikapungua na akakojoa, anarudi nyumbani: mililita 50 hadi 100 za ORS baada ya kila choo chepesi, kwa kuwa yuko chini ya miaka 2. Aliyefika miaka 2 au zaidi hupewa 100 hadi 200. Anaendelea kunyonya na kula, na anapewa zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuhara kutakoma mapema. Wa chini ya miezi 6 hupewa miligramu 10. Dalili zikiwa zile zile baada ya saa 4, anapewa saa 4 nyingine pale pale. Zikizidi, anahamia kwenye dripu.

Mtoto huyu angepewa maji ya sukari na chumvi yaliyopimwa vizuri tangu choo cha kwanza, huenda asingefikia hapo. Kwa hali aliyofika nayo, mimi ningemchagulia ORS, kwa sababu ya potasiamu aliyopoteza usiku kucha na kwa sababu kipimo hakitegemei kijiko cha mtu.

Uchague kwa hali yako

Kama mtoto ameanza kuharisha leo, anacheza, anakojoa, na una ORS nyumbani, itumie mara moja baada ya kila choo chepesi. Usiitunze mpaka azidiwe.

Kama huna pakiti usiku huu, tengeneza maji ya sukari na chumvi kwa kipimo kile, onja, mpe, na asubuhi utafute ORS na zinki katika kituo cha afya kilicho karibu au kemisti.

Kama anatema kila tone la ORS lakini ana zaidi ya miezi 6 na anapenda uji, mpikie uji mwepesi wenye chumvi iliyopimwa, kisha ujaribu ORS tena kwa kijiko baadaye. Mara nyingi mtoto aliyekauka huikubali, na yule ambaye hajakauka ndiye huisukuma.

Kama ananyonya tu na hajafika miezi 6, mnyonyeshe mara nyingi zaidi, mpe ORS kwa kijiko, na umpeleke akaonwe. Uji, soda na glukosi asipewe.

Kama glukosi ndiyo iliyoko mkononi, iweke kando utumie sukari na chumvi ya jikoni.

Na zipo hali ambazo swali si kinywaji gani tena. Mtoto amelegea na haamki vizuri, hawezi kunywa au anatapika kila kitu, ngozi ya tumbo ikifinywa inakaa zaidi ya sekunde mbili kabla ya kurudi, amepata degedege, au kinyesi kina damu: mpeleke hospitali sasa hivi. Kama bado anaweza kumeza, nenda na chupa ya ORS mkononi na umpe kijiko baada ya kijiko njiani, mpaka mfike.